Umeletewa samansi ya korti? Hii ndio meseji ya kumtumia wakili

Hapa kwa ofisi yetu ya msaada wa sheria tunapata meseji za wasapu kuanzia alfajiri, na nyingi zinakuja hivi: voisi noti saba, picha za mikataba, halafu katikati mtu anasema "ni kweli pesa nilichukua lakini..." Mimi hapo huwa nashtuka, kwa sababu sijajua bado kama mtu anayekudai ni klayenti wetu. Ikipatikana ni wetu, siwezi kukuchukua, na pengine hata yeye itabidi tumwachilie juu ya yale nimeshasikia. Tena simu yenyewe hushikwa na karani, si mimi peke yangu nasoma.

Tuseme una duka Gikomba, saplaya amekushtaki Milimani, samansi umeletewa Jumanne tarehe 4. Samansi husema uko na siku ngapi za kufika kortini, mara nyingi ni 15. Siku uliyopewa haihesabiwi, kwa hivyo unaanza na Jumatano tarehe 5 na siku ya 15 inaangukia tarehe 19. Kufika hapa si kwenda kusimama mbele ya hakimu, ni kufaili karatasi inaitwa memorandamu ya apiarensi, halafu utetezi unafuata ndani ya siku 14. Ukinyamaza, mwenye kudai anaweza kuomba hukumu na apewe bila wewe kusikizwa. Kuiondoa baadaye inawezekana lakini ni kubembeleza korti, na gharama juu.

Sasa meseji yako iwe tu hivi:

"Habari wakili. Naomba konsalteshoni leo ama kesho. Nimeshtakiwa Milimani, korti ya hakimu, kesi ya deni la biashara. Anayenishtaki ni (jina), wakili wake ni (jina). Samansi nilipewa Jumanne tarehe 4, inasema siku 15, sijafaili chochote. Karatasi ninazo zote. Kabla nieleze zaidi, kuna kitu kinakuzuia kunichukua? Konsalteshoni ni pesa ngapi?"

Majina ya upande wa pili usiyafiche, watu wengi huyaficha wakidhani ndio siri yenyewe, na bila hayo wakili hawezi kuangalia kama kuna mgongano wa maslahi, yaani kama upande wa pili ni klayenti wake. Tarehe pia, maana ukiandika "ni emajensi" peke yake, karani anakuweka na wengine arobaini walioandika emajensi. Kile unaacha ni stori: nani aliahidi nini, kama ulilipa, kama deni unalikubali, na zile skrinishoti zako za saplaya. Hizo ni za kuongea mkiwa mmeketi, baada ya wakili kusema hana mgongano.

Kabla hujatuma hela ya konsalteshoni, tafuta jina lake kwa tovuti ya Law Society of Kenya uone kama leseni ya mwaka huu iko. Na akikaa kimya hadi kesho mchana, andikia mwingine meseji hiyohiyo, siku zako zinaendelea kuhesabiwa.