Mwenzetu Akiondoka, Je, Kazi Zake Tugawane?

"Mtu akiondoka na bajeti ikipungua, si tugawane tu kazi zake, kila mmoja aongeze kidogo?"

Hesabu ya saa haikubali. Tuseme kitengo kina watu wanne wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki; akiondoka mmoja, saa zake 40 zikigawanywa kwa watatu, kila mmoja anaongezewa saa 13 na ushee, yaani zaidi ya siku moja na nusu. Kwa kawaida baadhi ya kazi huachwa hata hivyo, ila bila mtu kuamua, na hutangulia zile zisizo na wa kuzidai, kama vile kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

Afadhali basi mwamue wenyewe zipi ziachwe, na kuzitambua ni rahisi: kwa wiki mbili, andikeni kila kazi, saa inazokula, fedha inazohitaji na nani hutumia matokeo yake. Ripoti ya kila wiki inayochukua saa sita, ambayo mpokeaji hawezi kutaja uamuzi hata mmoja aliowahi kuufanya kwa kuitegemea, ndiyo ya kwanza kusimamishwa. Makato ya mishahara na ritani za kodi hazimo katika mjadala huu, kwa kuwa ni wajibu wa kisheria. Ripoti kama hiyo isimamisheni kwa mwezi mmoja mkiwa mmewaarifu wapokeaji, kisha mwone nani ataiulizia. Jaribio hilo, hata hivyo, halifai kwa kazi za mara moja kwa mwaka, ambazo kimya cha mwezi mmoja hakithibitishi lolote juu yake.