Faida ya kifurushi cha mwezi ni ipi hasa?

Kifurushi cha uanachama ni makubaliano ambayo mteja hulipa kiasi kimoja mwanzoni mwa mwezi, kisha akahudumiwa kwa idadi au muda uliotajwa bila kulipa tena. Faida yake ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za kumhudumia, kikilinganishwa na kile ambacho mteja huyohuyo angemwachia mwenye biashara kama asingekinunua. Sehemu hiyo ya pili ndiyo husahaulika kila mwenye saluni anaposema kwamba vifurushi vinalipa, kwa kuwa tu tarehe mosi ameingiziwa laki sita kwenye simu.

Fedha hiyo, kwa siku hiyo, ni deni. Mwenye saluni amepokea malipo ya kazi ambayo bado hajaifanya, na hata viwango vya kimataifa vya uhasibu huitaja miongoni mwa madeni hadi huduma itolewe. Akiitumia yote kulipa pango la chumba, ifikapo tarehe ishirini atakuwa na wateja wanaodai kunyolewa na vinyozi wanaodai kamisheni, na droo haina kitu. Ajabu ni kwamba husema biashara imedorora, ilhali wateja wamejaa kwenye benchi.

Nadhani tumezoeshwa vibaya na vifurushi vya simu. Kampuni ya simu haitumii karibu chochote cha ziada mteja anapoongea dakika moja zaidi, kwa sababu mitambo imekwisha kujengwa. Kinyozi hana mitambo ya namna hiyo, kwani kila kichwa kinakula muda wake, wembe, spiriti na umeme.

Tuchukue saluni ya kiume inayonyoa kwa shilingi 5,000. Kinyozi hupata kamisheni ya 2,000 kwa kila kichwa na vifaa hugharimu 500, hivyo zinabaki 2,500 za kuchangia pango na faida. Mwenye saluni anatangaza kifurushi cha shilingi 20,000, unyolewe mara utakazo. Mteja aliyekuwa akija mara tatu kwa mwezi alikuwa akibakiza 7,500. Akinunua kifurushi na kuja mara nne, anabakiza 10,000, na hapo pana faida ya kweli. Akija mara tano anabakiza 7,500 zilezile za zamani, na saluni imefanya kazi ya vichwa viwili vya nyongeza bila kupata senti zaidi. Akifika mara nane hakibaki chochote.

Sasa mtazame mteja aliyekuwa akija mara tano tangu zamani na kubakiza 12,500. Naye akinunua kifurushi, akaendelea kuja mara tano, anabakiza 7,500, kwa hiyo saluni imejipunja 5,000. Katika daftari la mahudhurio wateja hawa wawili wanafanana kabisa: kila mmoja amelipa 20,000, kila mmoja amekuja mara tano. Kinachowatofautisha ni mazoea yao ya kabla ya kifurushi, na hayo hayaandikwi popote. Isitoshe, wa kwanza kukimbilia kifurushi huwa ni wale wanaokuja mara nyingi, kwa maana wao wanajua hesabu inawapendelea.

Ndiyo maana kabla ya kutangaza bei ni vyema kuandika, walau kwa miezi miwili, nani amekuja, lini, na mara ngapi, kisha kuweka ukomo. Katika mfano wetu, kifurushi cha vichwa vinne kwa shilingi 18,000, kinachotumika Jumatatu hadi Alhamisi, kinabakiza 8,000 vikitumika vyote. Aliyekuwa akija mara mbili na kubakiza 5,000 ameongeza 3,000. Wa mara tatu ameongeza 500 tu. Wa mara nne amepunguza 2,000. Siku nazo zina uzito wake, kwa kuwa mwenye kifurushi akikalia kiti Jumamosi jioni, mteja wa fedha taslimu anayeondoka kwa kuchoka kusubiri ameondoka na 2,500 za saluni. Wapo wanaopunguza kamisheni ya kinyozi kwa wateja wa kifurushi ili hesabu ipendeze, lakini kinyozi naye huwanyoa haraka haraka, na mwezi wa pili hawarudi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, anayehesabu laki sita za tarehe mosi aseme ameuza vifurushi thelathini, hilo ni kweli. Kama vimelipa, atajua mwezi ukiisha, akiweka mahudhurio ya kila mteja kando ya mahudhurio yake ya zamani.