Dakika moja ya kueleza mradi wa kozi kwenye usaili

Msaili akisema "tueleze mradi wako", wengi huanza na jina refu la mradi, kisha orodha ya vifaa. Sekunde 20 zinapita na bado hajasikia msailiwa alifanya nini. Naona sehemu nzito iwe tatizo moja la kiufundi na namna ulivyopata chanzo chake. Hiyo ipewe karibu nusu ya dakika. Hitaji, kazi yako na matokeo vigawane muda uliobaki.

Chukua mfano wa mhitimu wa stashahada ya umeme hapa Mwanza ambaye mradi wake ni kifaa cha kupima joto ndani ya kasha la samaki. Anaweza kusema hivi:

"Wachuuzi wa sangara pale Mwaloni Kirumba huhifadhi samaki kwenye barafu, lakini hawajui joto la ndani mpaka wafunue kasha. Tulitengeneza kifaa kinachopima joto hilo na kutuma meseji likizidi nyuzi 4. Mwenzangu alishughulikia kasha, mimi saketi na programu. Mwanzoni kifaa kilijizima na kuwaka upya kila kilipotuma meseji. Nilipima volti wakati wa kutuma nikaona inashuka ghafla, kwa sababu moduli ya simu huvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo, na ilikuwa inatumia umeme wa bodi. Niliipa njia yake ya umeme, nikaweka kapasita kubwa karibu nayo, na tatizo likaisha. Tumekijaribu kwenye kasha moja nchi kavu. Majini, kwenye mtandao hafifu, bado."

Hayo ni maneno 90 hivi. Kwa mwendo wa kawaida yanaingia ndani ya dakika na kuacha nafasi ya kuvuta pumzi. Ukifika 150 utaanza kukimbia, na utakachomeza ni ile sababu ya volti kushuka, yaani pale hasa msaili anapokupima.

Angalia pia "tulitengeneza" na "nilipima". Mradi wa kikundi ukiusimulia wote kwa "tu-", msaili hawezi kujua mkono wako ulikuwa wapi. Ukisema "ni-" kote, swali moja kuhusu kasha litakuumbua. Na ile sentensi ya mwisho usiifute kwa kuona aibu: inaonyesha unajua majaribio yako yamefikia wapi.

Usikariri neno kwa neno, maana ukisahau moja unakwama. Kariri mpangilio, jirekodi kwa simu, kisha msikilizishe mtu asiye fundi. Muulize kifaa kilikuwa kinajizima kwa nini. Akijibu "betri mbovu", sentensi ya ampea haijaeleweka. Irekebishe hiyo tu.

Halafu andaa majibu ya maswali yatakayofuata: kapasita ya ukubwa gani, kwa nini nyuzi 4, na kihisi ulikilinganisha na kipimajoto gani.