Kampuni ikisimamisha ajira baada ya intavyuu, unawaandikia nini?

Mdogo wangu kamaliza digrii ya uhasibu, akaitwa intavyuu mara mbili kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, wiki mbili baadae imeili ikaingia kwamba ajira zote zimesimamishwa kwa muda. Akaniambia kaka, hapo wamenikataa kistaarabu.

Hiyo ndo dhana inayowapoteza vijana wengi. Ukikataliwa kwa kawaida unaambiwa wamemchukua mwingine, ila ajira zikisimamishwa kilichozuiwa ni hela ya ile nafasi, kwahiyo hata yule aliyefanya vizuri kuliko wote hajachukuliwa, na maksi za intavyuu mara nyingi zinabaki kwenye faili. Ni kweli kuna wakati nafasi inafutwa kabisa, na hutajua mpaka uulize.

Wengine wanaamini kuandika tena ni kujipendekeza. Hapana, kinachokera ni kuuliza kila wiki. Imeili moja ndani ya siku mbili tatu inatosha, na ujibu palepale kwenye imeili yao, usianzishe mpya, ili atakayeifungua miezi minne mbele aone intavyuu yako na barua yako pamoja, maana huenda hata aliyekuhoji ameshahama.

Tukakaa tukaandika hivi:

"Habari za kazi dada. Asante kwa kunijulisha. Nafasi ya mhasibu msaidizi bado naihitaji, hasa mliponieleza kwamba kila mwisho wa mwezi stoo na vitabu havilingani, kazi hiyo niliifanya miezi mitatu nikiwa fildi. Ajira zikifunguliwa naomba nifikiriwe. Kama mtahitaji mtu wa mkataba mfupi kusaidia kufunga hesabu za mwaka, naweza kuanza ndani ya wiki moja. Je, suala hili mnategemea kuliangalia tena lini?"

Hiyo sentensi ya stoo ndo yenye uzito, inamkumbusha aliyekuhoji ni nani huyu kati ya watu ishirini. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima wa mimi ni mchapakazi najituma, tukaifuta yote. Na ule mkataba mfupi tuliuweka makusudi, kwa sababu kampuni inaweza kuzuia ajira za kudumu huku kazi zenyewe ziko palepale na mwisho wa mwaka wahasibu wanazidiwa.

Kuna wanaoshauri uwatishie kwamba una ofa nyingine. Kama huna usiseme, na hata kama unayo, aliyekuandikia hana uwezo wa kufungua bajeti, atakutakia kila la heri tu na atakuhesabu umeshaondoka.

Wamemjibu kwamba wataangalia tena bajeti ya Januari. Sasa hivi anaendelea kuomba kwingine kama kawaida, na Novemba anafanya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, matokeo yakitoka ndo atawaandikia mara ya pili, mistari mitatu, kwenye imeili ileile.