Praiveti lebo ni nini, na unamwendeaje mwenye kiwanda cha alizeti

Praiveti lebo ni pale kiwanda kinatengeneza bidhaa yake ile ile ila inatoka na jina lako. Hukamui wewe, huna mashine, unachomiliki ni jina na wateja. Huku kwetu Dodoma mfano rahisi ni mafuta ya alizeti, maana viwanda vipo hapa hapa na Singida, na wenye maduka wengi wanatamani chupa yenye jina lao.

Sasa kitu cha kwanza utakachoambiwa ukifika ni oda ya chini, tuseme wakwambie chupa 3,000 za lita moja, na hapo ndo wengi wanageuza wanarudi nyumbani. Usigeuze, uliza hiyo 3,000 inatoka wapi. Mafuta yenyewe siyo shida kwao, wanakamua kila siku. Shida iko kwenye lebo, sababu mchapaji anatengeneza pleti kwa kila rangi na hawezi kuwasha mashine kwa lebo mia tatu, na shida nyingine ni chupa kama unataka umbo lako la peke yako. Ukikubali chupa na kifuniko wanachotumia wao kila siku, imebaki lebo tu.

Chukulia dada mwenye duka Majengo anauza chupa 300 kwa mwezi. Chupa 3,000 ni miezi kumi, na kama mafuta yameandikwa mwaka mmoja, zile za mwisho atakuwa anaziuza zimebakiza miezi miwili, mteja akigeuza chupa akaona tarehe anairudisha kwenye shelfu. Kwa hiyo asiombe kupunguziwa oda, aombe igawanywe: lebo zichapwe 3,000 mara moja na alipie zote mwanzoni, tuseme sh 150 kila moja ni 450,000, afu kiwanda kijaze chupa 1,000 kwa awamu tatu. Mwenye kiwanda anakuelewa haraka hapo sababu hela ya lebo imeshaingia na hatabaki na mzigo usio na mwenyewe. Ila bei ya mafuta mwandikiane inapangwaje kila awamu, maana alizeti wakati wa mavuno na alizeti ya mwezi wa kwanza siyo bei moja kabisa.

Kinachofuata ni kupitisha dizaini, na hapa naomba usiwe na haraka. Ukishasaini sampo ya lebo, kosa lolote lililobaki ni la kwako, lebo zote ni zako. Mimi nilipitisha kwenye simu, lebo ya plastiki inayoonyesha ndani, maandishi ya njano, kwenye skrini nyeupe yalionekana vizuri tu, zikaja kubandikwa kwenye chupa yenye mafuta ya njano jina likapotea lote. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nachapisha kwa saizi yake halisi, nakata, nazungushia chupa iliyojaa mafuta, naisimamisha mbali kama hatua tatu nione inasomeka, na barikodi naiskani hiyo hiyo ya karatasi. Hakikisha pia ujazo, jina la mtengenezaji na nafasi tupu ya kugonga namba ya bechi na tarehe, maana nafasi hiyo husahaulika halafu tarehe inagongwa juu ya maandishi. Na alama ya TBS usiichukue kwenye chupa yao ukaibandika kwako, muulize mwenye kiwanda kwanza kama leseni yake inabeba na jina lako, akuonyeshe kwa maandishi kabla hujachapa kitu.

Upekee ndo watu wanachanganya zaidi. Huwezi kumkataza mtu asiwakamulie wengine alizeti, hiyo ndo kazi yake. Upekee wa jina na dizaini ni haki yako na haulipiwi, mradi jina umelisajili BRELA kama alama ya biashara wewe mwenyewe, usikubali kiwanda kikusajilie "kukurahisishia", litakuwa lao. Upekee wa eneo ni kitu kingine, yaani asimtengenezee mwingine chapa ya duka hapa Dodoma Mjini, huo unanunuliwa kwa oda. Unaweza kumwambia nipe eneo hili miezi 12, nitachukua chupa 3,000, nikishindwa upekee unakufa. Akikubali bila kukudai idadi yoyote, jiulize ataulindaje, maana akija mnunuzi wa chupa elfu kumi huna cha kumshikia.

Afu kuna lebo zinazobaki kwenye stoo yao mkiachana. Andikeni mapema kwamba zinahesabiwa kila awamu, na siku ya mwisho zinarudi kwako zote, zilizoharibika nazo zikiwemo.