Mbuzi wa Idd: fungua mdomo kwanza, hela baadaye

Kila ikikaribia Idd el-Hajj hapa Tanga napigiwa simu na wafugaji wadogo, mbuzi kanona vizuri, anang'aa, ila wateja wanakuja wanamfungua mdomo wanaondoka zao. Mbuzi hana tatizo lolote, tatizo ni umri. Mwenzetu kanunua vibeberu vya meno ya maziwa kavinenepesha miezi 3, anataka kuviuza vya kuchinja, na huku pwani wengi wetu tunafuata Shafi ambapo mbuzi wa udhia atimize miaka miwili na kondoo mwaka mmoja. Vibeberu vile ni vya Idd ya Ramadhani au Krismasi, mtu anatafuta nyama ya pilau na hakuna anayehesabu meno.

Kwa hiyo mnadani mshike mbuzi taya, mfunulie mdomo wa chini, mbele kuna meno 8 (juu hana, usishtuke). Yote yakiwa madogo ya maziwa huyo bado mtoto. Mawili ya katikati yakiwa mapana kashapita mwaka, yakiwa manne mapana yuko kwenye miaka miwili hivi, huyo ndo wa Idd. Kondoo ni rahisi zaidi, meno mawili mapana yanatosha.

Halafu masikio. Miaka ya nyuma nilikuwa na mbuzi wangu watatu, nikawakata ncha za masikio ili nisiwachanganye na wa jirani. Mzee mmoja wa Pongwe akaja na hela mkononi kabisa, akawashika sikio mmoja mmoja, "mwanangu, hawa umeshawaharibu, kawauze buchani." Mbuzi wa udhia hatakiwi awe amekatwa sikio, nikawapeleka buchani. Weka alama ya rangi au kamba shingoni, na usinunue chongo, anayechechemea wala aliyekatika sikio hata kama bei iko chee.

Sasa tarehe. Idd inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, 2027 inaangukia karibu tarehe 16 Mei kutegemea mwezi, ukihesabu siku 90 za kunenepesha kurudi nyuma unafika katikati ya Februari. Hapo ni kiangazi, mbuzi wa Handeni wamekonda na wenyewe wanataka kupunguza. Unamtaka huyo aliyekonda kwa njaa, mwenye macho makavu na anayekula ukimpa jani, sio aliyekonda kwa ugonjwa. Mvutie kope ya chini uone ndani, ikiwa nyekundu sawa, ikiwa nyeupe kama karatasi minyoo imeshamnyonya damu, mwache.

Akifika nyumbani mtenge wiki 2, mpe dawa ya minyoo, muite afisa mifugo kwa chanjo ya sotoka ya mbuzi. Majani ale ashibe, lusina ukiipata weka, jioni pumba ya mahindi debe tatu kwa debe moja la mashudu na chumvi kidogo. Anza na gramu 100, panda taratibu mpaka kama 320 baada ya wiki 2. Ukimmwagia pumba siku ya kwanza tumbo linachacha, utamkuta kasimama pembeni anasaga meno, kinyesi kimekuwa uji wenye harufu kali, na wengine hawaamki.

Tupige hesabu ya mfano, wewe weka bei za kwako. Mbuzi 4 wa kilo 20, kila mmoja 85,000, inakuwa 340,000. Usafiri 40,000. Chakula kilo 27 kila mmoja kwa 700 ni 75,600, dawa na chanjo 20,000. Jumla 475,600. Mbuzi wetu wa kienyeji akitunzwa anaongeza gramu 60 hadi 70 kwa siku, tuseme kilo 6. Kilo hizo 6 kwa bei ya mnadani ni 25,500, na chakula na dawa vimekula 23,900, yani kunenepa kwenyewe kunajilipa tu! Ukiuza 150,000 kila mmoja unapata 600,000, inabaki 124,400, na karibu yote imetoka kwenye tofauti ya bei ya Februari na bei ya Idd. Akifa mmoja unapata 450,000, umeshaingia hasara ya 25,600. Ndo maana ile kope naisisitiza.

Na mwezi wa mwisho kuwa makini na sindano. Masika imekolea, mbuzi anakohoa, mtu anamchoma oksitetra ya muda mrefu wiki moja kabla ya Idd, wakati nyingi zinataka siku 28 hivi ndo nyama iliwe, soma kwenye chupa. Ukilazimika kumtibu, huyo msogeze mbele, akauzwe baada ya sikukuu.

Wateja wengi wanalipia mapema halafu wanakuachia mbuzi mpaka mkesha. Hapo kubalianeni hela ya chakula cha siku hizo, na akifa ni wa nani, kabla hujapokea hela.