Je, wajua jeki ya mafuta inapata wapi tani kumi?

"Mjomba, nyundo imegonga kutwa nzima bila kitu, mbona jeki imeitoa ile beringi kwa mkono mmoja tu?"

Siri imo kwenye mafuta yaliyofungiwa yasipate pa kutokea. Chukua mfuko wa plastiki uliojaa maji, ufunge mdomo, kisha ubonyeze kwa kidole kimoja. Mfuko mzima unakaza, hata upande usiougusa. Maji hayakubali kubanwa yakawa madogo, kwa hiyo msukumo ulioingia mahali pamoja unasambaa kote, kila sentimita ya mraba ikipata kiasi kilekile. Mfaransa Blaise Pascal ndiye aliyeieleza kanuni hii katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hati ya kumiliki mashine ya kukandamiza inayoitumia.

Sasa ndani ya jeki mna pistoni mbili. Ndogo, ile ya pampu, inasukumwa na mkono wa jeki. Kubwa ndiyo inayobeba mzigo. Kati yao yamejaa mafuta. Presha ni moja pande zote mbili, lakini pistoni kubwa ina sentimita nyingi zaidi za kusukumwa. Hapo ndipo nguvu inapozaliana.

Tuifanye hesabu kwa mashine ya gereji yenye pistoni ndogo ya kipenyo cha milimita 12 na kubwa ya milimita 60. Kipenyo kimezidi mara 5 tu, lakini eneo ni 5 mara 5, yaani limezidi mara 25: ndogo ina sentimita za mraba 1.13, kubwa 28.3. Mkono wa jeki una urefu wa sentimita 60 kutoka kwenye pini yake, na pistoni ndogo imeshikwa sentimita 3 tu kutoka pini hiyo. Huo ni wenzo wa mara 20.

Ukisukuma kwa uzito wa kilo 20, pistoni ndogo inapata kilo 400. Gawa kwa 1.13, presha ya mafuta inakuwa kama kilo 354 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama kilo 2 tu. Zidisha 354 kwa 28.3, unapata kilo 10,000, tani kumi. Msuguano wa sili, raba zinazozuia mafuta yasivuje kando ya pistoni, unakula kidogo, lakini si nyingi.

Hizo tani hazikutoka bure. Ukishusha mkono sentimita 40, pistoni ndogo inashuka sentimita 2, na kubwa inasogea milimita 0.8 tu. Kilo 20 kwa sentimita 40 ni 800. Kilo 10,000 kwa sentimita 0.08 pia ni 800. Kusukuma beringi milimita 40 ni kupiga pampu mara 50. Ndiyo maana jasho lilikutoka. Kila unapoinua mkono, gololi moja inayoziba njia ya mafuta inafunguka yaingie kutoka kwenye tangi. Ukishusha, hiyo inajifunga na ya pili inayapitisha chini ya pistoni kubwa, kisha inayazuia yasirudi.

Hewa ndiyo adui mkubwa. Yenyewe inabanika, kwa hiyo ikiingia, mkono unanesa kama unakanyaga sponji na pistoni haiendi. Kwa sababu hiyo jeki ya chupa haigeuzwi kichwa chini. Pampu ingenyonya hewa badala ya mafuta. Angalia fremu yetu ya kukandamizia: jeki imesimama wima juu ya boriti inayoning'inia kwa springi, inasukuma chuma cha juu, nayo boriti ndiyo inayoshuka kukandamiza kazi. Mzigo ukishuka wenyewe taratibu, sili imechoka au gololi haikai vizuri. Hapa Malindi hewa ya chumvi huliparuza chuma la pistoni kwa kutu, na kutu hiyo hukata sili. Lipakae mafuta. Na usije ukatia mafuta ya breki kwenye jeki, yanaziharibu sili zake. Pakivuja presha ikiwa juu, usipapase kwa kidole. Mchirizi huo hupenya ngozi.

Gari lile la kubebea samaki lilikuwa na beringi iliyoshikana na habu kwa kutu. Kila nyundo ilipogonga, nguvu ilikuja mara moja na kutoweka. Jeki haikuachia. Geji ya presha ilipofika kilo 250 kwa kila sentimita ya mraba, yaani tani 7 hivi, ukasikia mlio mkali na sindano ikaanguka. Kutu ilikuwa imekatika. Mkono wako wakati huo ulikuwa unasukuma kama kilo 14.